Spamu 11,000 kwenye maoni: anza na ujumbe ulioupitisha mwenyewe

Nilikaa siku tisa bila kufungua dashibodi. Niliporudi, namba kwenye kitufe cha maoni ilikuwa imepita 11,000. Tovuti yangu ni ya mashairi na lugha, na kwa wiki nzuri hupata maoni arobaini. Nikafanya kile ambacho kila msimamizi hufanya mara ya kwanza: nikaweka tiki kwenye ukurasa mzima, nikachagua kufuta, nikasubiri, nikaenda ukurasa unaofuata. Baada ya saa nzima nilikuwa nimeondoa kama 900. Nilipoburudisha ukurasa, namba ilikuwa imepanda. Nilikuwa nadeki huku bomba liko wazi.

Kwa hiyo kabla ya kufuta chochote, funga bomba. Kwenye WordPress ingia Settings, kisha Discussion, uweke tiki kwenye “Comment must be manually approved”. Hapo spamu zitaendelea kuja, ila hakuna itakayoonekana kwa wasomaji mpaka umalize kazi. Kisha chukua bekapu ya hifadhidata. Mimi hutumia WP-CLI, ile zana ya kuendesha WordPress kwa amri kwenye seva:

```
wp db export kabla-ya-usafi.sql
```

Sasa tuje kwenye jambo lililonichukua muda mrefu kulielewa. Sehemu kubwa ya zile spamu hazikuwa zinasubiri idhini. Zilikuwa zimeshachapishwa, zinaonekana na kila mtu. Zilipitaje, wakati nilikuwa nimeweka sharti kwamba mtu mpya lazima apitishwe kwanza?

Zilipita kwa sababu mwezi mmoja nyuma nilikuwa nimeupitisha ujumbe mmoja mpole: “Asante kwa makala nzuri, nimejifunza mengi.” Hauna linki, hauna matusi, jina la kawaida. Nani angeukataa? Lakini sharti la “Comment author must have a previously approved comment” kwa mgeni asiye na akaunti hutazama vitu viwili tu: jina na baruapepe. Vikifanana na vya ujumbe uliowahi kupitishwa, mlango unafunguka. Wala hakuna anayehakikisha kwamba baruapepe ile ni ya kweli. Ule ujumbe mpole ulikuwa mbegu. Mtumaji alitulia wiki kadhaa, kisha akarudi na jina lilelile na baruapepe ileile, safari hii akibeba linki za kamari.

Ndiyo maana ukifuta maelfu ukaiacha mbegu, umefanya kazi bure. Siku utakayorudisha mipangilio ya zamani, ataingia tena kama mgeni mnayefahamiana. Chukua spamu moja iliyochapishwa, nakili baruapepe yake, uitafute kwenye kisanduku cha kutafutia maoni, ushuke hadi ujumbe wa zamani kabisa. Huo ndio wa kwanza kuondoka. Mimi nilikuta mbegu sita, na mbili kati ya hizo nilikuwa nimezijibu kwa furaha, “karibu tena”!

Baada ya hapo tafuta kinachowaunganisha. Majina hayasaidii, ni rahisi kuyabadilisha. Anwani za IP nazo zinadanganya, nitalirudia hilo. Kisichobadilika kirahisi ni kule linki zinakompeleka msomaji, kwa sababu hiyo ndiyo biashara yenyewe. Hoji hifadhidata ikuhesabie:

```
wp db query "SELECT comment_author_url, COUNT(*) AS idadi
FROM wp_comments GROUP BY comment_author_url
ORDER BY idadi DESC LIMIT 20;"
```

(Kama majedwali yako yana kiambishi kingine badala ya wp_, kibadilishe.) Mstari wa juu unaweza kuwa mtupu, ni wale wasioandika tovuti yoyote. Kwangu, chini yake majina manne ya tovuti yalibeba karibu mzigo wote. Maadui 11,000 wakawa wanne.

Usifute papo hapo. Weka kwanza alama ya spamu, kwa kuwa alama unaweza kuiondoa, na kilichofutwa hakirudi ila kwa bekapu. Tuseme tovuti mojawapo inaitwa kasino-bahati.example:

```
wp comment list --search='kasino-bahati.example' --number=500 --format=ids | xargs -r wp comment spam
```

Nimeweka 500 makusudi. Ukimpa maelfu ya namba kwa mkupuo mmoja, seva ndogo hukata kazi katikati usijue imefika wapi. Rudia amri hiyohiyo mpaka isilete kitu. Zilizokwisha kuwekewa alama hazihesabiwi tena. Ukimaliza majina yote, fungua folda ya spamu upitishe macho kurasa mbili tatu. Mimi humo nilimkuta msomaji wangu wa miaka, kosa lake ni kwamba alinakili ile linki ili kunionya. Nikamtoa, kisha ndipo nikafuta, nikirudia amri hii nayo mpaka isilete kitu:

```
wp comment list --status=spam --number=500 --format=ids | xargs -r wp comment delete --force
```

Wapo wanaosema mbona usifute kwa DELETE moja ya SQL, sekunde mbili imekwisha. Ni kweli ni haraka. Lakini hesabu ya maoni kwenye kila makala hubaki ile ya zamani, jedwali la wp_commentmeta hubaki na makombo, na majibu ya watu halisi waliomjibu mtumaji spamu hubaki yananing’inia kwa mzazi asiyekuwepo. Njia ya WP-CLI ni ya polepole, ila hufuta na hayo makombo na kuyapandisha majibu ngazi moja juu.

Linabaki suala la kuwafungia. Kisanduku ni “Disallowed Comment Keys”, kipo kwenye ukurasa uleule wa Discussion, kila neno mstari wake. Ujumbe wenye neno mojawapo huenda moja kwa moja kwenye takataka. Weka humo majina ya tovuti, na baruapepe za mbegu.

IP niliziweka, nikazitoa. Kwenye mitandao ya simu watu wengi hutoka nje kwa anwani moja, kwa hiyo ukimfungia mmoja umefungia na majirani asiowajua. Tena kisanduku hiki hulinganisha hata kipande: ukiandika 203.0.113.2, umemgusa pia 203.0.113.25.

Tabia hiyo ya vipande ndiyo iliyonitia aibu. Kwa hasira za siku ile, kwa kuwa spamu zote zilikuwa za kubashiri, niliandika humo neno “beti”. Kwenye tovuti ya mashairi! Kwa wiki tatu kila aliyetaja beti za shairi alitupwa kimyakimya, hata mmoja aliyeandika kuhusu alfabeti. Nikawa najisifu kwamba tovuti imetulia. Nilishtuka pale mshairi mmoja aliponiuliza kwa baruapepe kama nimemkasirikia. Nilipofungua takataka nilikuta maoni 31 ya watu wazima wenye akili zao, nikayarudisha yote, nikaenda kumwomba radhi. Tangu hapo sina neno la kawaida hata moja kwenye kisanduku kile, na takataka naikagua kila Jumatatu.