Kaka kala hela ya bati, na mkono unawasha kutuma

*Shangazi, shikamoo. Nilimtumia kaka yangu laki nane na nusu anunue bati za chumba cha mama huko Muheza. Wiki tatu zimepita, masika yameanza, hakuna bati wala maelezo. Jana usiku nimeandika hii kwenye grupu la familia, bado sijaituma:*

*"Hivi wewe kaka una moyo wa aina gani? Kila siku ni wewe tu. Umekula hela ya bati na mama analowa kama kuku. Watu wameshaniambia una pikipiki mpya. Hata ada ya mdogo wetu mwaka 2019 ulifanya hivi hivi. SITATUMA SENTI TENA!!!"*

*Kunyamaza sitaki. Ila mama naye yumo kwenye grupu. Nifanyeje?*
*Mwenye hasira, Mbagala*

Marahaba mwanangu. Kwanza kabisa, itoe hiyo rasimu pale ilipo. WhatsApp huacha maneno yako kwenye kisanduku cha kuandikia, na kidole gumba kikiteleza kidogo tu imekwenda. Ikate, uibandike mahali pasipo na mtu wa kumtumia: kwenye daftari la simu au kwenye soga lako la kujiandikia mwenyewe. Usiifute. Humo ndani kuna madai ya haki, na tunayahitaji.

Sasa isome kwa sauti, na kila sentensi uiulize jambo moja: kaka akijibu hii peke yake, atajibu nini? Mtu aliyebanwa hajibu ujumbe mzima, huchagua sentensi iliyo dhaifu akaing'ang'ania. "Kila siku ni wewe tu" inamtaka akumbuke siku moja tu aliyomnunulia mama dawa, na hapo umeshindwa. "Watu wameshaniambia" itamfanya aulize ni nani hao, na kesho mtakuwa mnamsaka mmbea badala ya bati. Ada ya 2019 ni kesi nyingine. Ukiziunganisha, ataitetea ile ya zamani kwa sababu ushahidi wake umeshafifia. Na "una moyo wa aina gani" ina alama ya kuuliza lakini haina jibu. Hapo jibu lake ni tusi au kununa.

"Umekula hela" ndiyo ngumu zaidi kuiacha, najua, kwa kuwa huenda ni kweli. Lakini tazama unachokijua kwa hakika: pesa imetoka kwako, ujumbe wa muamala unao, bati hazipo, chumba kinavuja. Kula ni hitimisho lako. Ukiliandika, atabishana na neno "kula" mpaka mvua zikatike. Ukiandika tarehe na kiasi, hana cha kubishia. Kwa hiyo kuondoa neno hilo si kumhurumia, ni kumnyima pa kutorokea.

Na "kama kuku" ing'oe hata kama ungekuwa unamwandikia shetani. Mama akiisoma, atakayejiona kuku ni yeye.

Kosa la wengi ni kuichukua rasimu ya hasira na kubadilisha neno moja moja. Moto unabaki, umefunikwa tu majivu. Anza upya, tena anzia mwisho: andika kwanza unataka afanye nini na kufikia lini. Wewe, katika sentensi zote zile, hujamwomba jambo lolote! Hujauliza bati ziko wapi. Ukishapata ombi, rudi juu uweke yale tu yanayolibeba. Mfano wake ni huu, tarehe uzirekebishe kulingana na miamala yako:

"Kaka, shikamoo. Tarehe 3 Machi nilikutumia 500,000 na tarehe 14 nikaongeza 350,000 za bati za chumba cha mama. Leo ni tarehe 4 Aprili, bati hazijafika na maji yanaingia mpaka kitandani kwake. Jambo hili limenikasirisha, sitakuficha. Naomba uniambie kufikia Jumamosi saa kumi jioni: bati zimenunuliwa au bado? Kama bado, pesa iliyopo ni kiasi gani? Kama umepatwa na tatizo niambie, tutalizungumza, ila chumba hakiwezi kungoja. Nisipopata jibu, Jumatatu nitamwomba baba mdogo asimamie, na pesa nyingine za ujenzi nitazilipa dukani moja kwa moja."

Ona kwamba hasira imo. Imepewa sentensi moja, fupi, inayosema wewe unajisikiaje badala ya yeye ni mtu gani. Ukiifuta kabisa, ujumbe unakuwa kama wa karani wa benki na kaka atahisi kuna kitu kimefichwa. Kile kitisho chako cha kutotuma senti nacho kimebaki, ila kimegeuka kuwa mpango unaoweza kuutekeleza. Kuapa kwa herufi kubwa kwamba hutatuma tena, kisha mama augue wiki ijayo na utume, kutamfundisha kaka kwamba maneno yako hayana uzito.

Rasimu hii ya pili iache ilale mpaka asubuhi. Ukiamka, isome kwa sauti ya kaka, ukimpa uchovu na ubishi wake wote. Hapo utanasa jambo ambalo sisi waswahili tunalijua sana, kijembe. Hasira ikifukuzwa mlangoni huingia dirishani imevaa adabu: "Asante sana kaka yangu mpendwa kwa jinsi unavyomjali mama." Hiyo ni mbaya kuliko tusi, maana tusi mtu huomba radhi, lakini kijembe kila mmoja atasema hakuwa na nia hiyo. Methali za mafumbo nazo ziweke kando. Na "shikamoo" ukiona inasomeka kama kejeli, basi sentensi inayoifuata bado ina moto.

Kuna na hatari ya upande wa pili, ya kuupoza mpaka unaganda: "Samahani kwa usumbufu kaka, nilikuwa naulizia tu zile bati, ukipata nafasi." Pointi imekufa. Kabla ya kutuma, tafuta vitu vinne kwa kidole: kiasi, tarehe, swali, na siku ya mwisho. Kimoja kikikosekana, kirudishe.

Umtumie yeye peke yake, si kwenye grupu. Mbele ya mashahidi kumi na nne mtu hujitetea kwanza, ukweli baadaye. Wala usirekodi sauti: maneno yatakuwa ya upole lakini pumzi itakusaliti, na sauti haihaririki. Maandishi WhatsApp inakupa dakika 15 za kuyahariri na kama siku mbili za kuyafuta kwa wote, lakini hapo hubaki alama kwamba ujumbe umefutwa, na wenye macho makali wameshausoma kwenye taarifa za simu.

Huenda asijibu kwa maandishi, akapiga. Ipokee, huku ujumbe wako ukiwa mbele yako, na umuulize maswali yale yale mawili. Akianza kuzungumzia 2019, mwambie hiyo tutaizungumza siku nyingine. Mkimaliza, mwandikie palepale mistari miwili ya mlichokubaliana: bati ngapi, zinafika siku gani.