Mfanyakazi akimlalamikia msimamizi wake, anzia kwenye daftari la getini

Lalamiko dhidi ya msimamizi mara nyingi huanza kwa mtu kusimama mlangoni mwa ofisi ya utumishi na kusema, "Dada, nina neno, ila naomba libaki hapa hapa." Jibu linalotoka haraka ni, "Usijali, ni siri yetu." Usilitoe. Huwezi kuchunguza tuhuma bila anayetuhumiwa kuelezwa ametuhumiwa nini, na siku atakapoitwa kujieleza, aliyekuamini ataona umemuuza. Mwambie ukweli mapema: "Nitakachofanya ni kuhakikisha wanaojua ni wachache, na kila mmoja utamjua kabla sijamwambia. Msimamizi wako atajua, lakini hatajua leo." Kisha mwachie achague kama aendelee.

Tuchukue mfano wa hoteli ya Moshi yenye wafanyakazi arobaini hivi, msimu wa wapanda mlima. Mhudumu wa vyumba analalamika kwamba zamu yake huisha saa kumi jioni, lakini wageni wakishuka Kilimanjaro wamechelewa, yeye na wenzake hubaki kutandika hadi saa moja usiku. Daftari la mahudhurio wanaambiwa wasaini saa kumi. Anayegoma hapangiwi zamu za msimu, na mikataba yao ni ya msimu.

Mwandikie maelezo yake hapo hapo, kwa maneno yake: tarehe anazozikumbuka, nani alikuwepo, aliambiwa nini hasa. Msomee, asaini kila ukurasa. Usiyachape ukayatuma kwenye printa ya mapokezi. Siri nyingi za ofisini huvuja kwenye karatasi iliyosahaulika pale. Fungua jalada la pekee, lisichanganywe na jalada lake la ajira, kwa sababu hilo la ajira msimamizi anaweza kuliomba wakati wa tathmini.

Hatua inayofuata ndiyo inayowashinda wengi. Ukienda kwa mtunza kumbukumbu ukaomba mahudhurio ya mhudumu huyo ya mwezi Julai, umeshamtaja bila kutamka jina. Kabla ya jioni idara nzima itajua. Omba kumbukumbu za idara nzima, za miezi mitatu, na uzichukue pamoja na za jikoni na bustani, kama ukaguzi wa kawaida wa saa za kazi. Chukua pia daftari la mlinzi getini, lile linaloandika saa ya mfanyakazi kutoka baada ya kukaguliwa begi. Piga picha kurasa nzima, namba za kurasa zionekane, na asili zifungiwe kabatini. Haya yote yafanyike kabla msimamizi hajapewa barua, maana ukurasa ukichanwa baadaye hutapata wa kumlaumu.

Sasa linganisha. Tuseme Julai mhudumu alifanya kazi siku 24, kila siku akasaini kutoka saa kumi, lakini daftari la getini linaonyesha siku 17 alitoka baada ya saa kumi na mbili. Ukijumlisha unapata saa 38 za ziada. Usikimbilie kuamua. Kuchelewa kutoka si ushahidi wa kazi, huenda walikuwa wanasubiri gari la wafanyakazi au chakula cha jioni. Tafuta kumbukumbu ya tatu isiyotegemea idara hiyo, nayo ni saa ambayo mapokezi waliandika chumba kiko tayari. Kama vyumba alivyopangiwa vilipokewa saa kumi na mbili na nusu, na yeye akatoka saa moja kasoro, lalamiko limesimama kabla hujamhoji shahidi hata mmoja. Hiyo ni nafuu kubwa kwa siri, kwani mashahidi wachache ni midomo michache. Kwa mshahara wa shilingi 1,500 kwa saa, saa hizo 38 ni shilingi 85,500, kwa kuwa saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu.

Mchunguzi awe nani? Katika mji kama Moshi, swali la kama ni ndugu wa msimamizi halitoshi. Uliza pia kama wako kikoba kimoja, jumuiya moja, au kama mmoja amemdhamini mwenzake mkopo. Aandike na kusaini kwamba hana uhusiano huo. Mhasibu anaonekana anafaa kwa sababu anajua hesabu, lakini yeye ndiye aliyeandaa malipo yasiyo na saa za ziada, kwa hiyo ni shahidi. Mkuu wa idara isiyohusika, au mtu wa tawi la Arusha kama lipo, ni bora zaidi. Na anayechunguza asiwe ndiye anayeamua.

Msimamizi apewe tuhuma kwa maandishi, zikiwa na tarehe na kumbukumbu zinazomhusu, na siku mbili za kazi za kuandaa maelezo. Usimwandikie "unawanyanyasa wafanyakazi", hilo halijibiki. Mwandikie "tarehe fulani na fulani wahudumu walisaini saa kumi ilhali vyumba vilikamilika saa kumi na mbili na nusu, eleza." Tuhuma iliyoandikwa hivi inahusu idara, haimnyooshei kidole mhudumu mmoja. Akitaka kuja na mwenzake au kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi, aruhusiwe.

Mara nyingi jibu lake ndilo linalogeuza kesi: "Meneja mkuu aliniambia hakuna bajeti ya saa za ziada, vyumba viishe." Hapo usimtetee meneja. Omba ujumbe au kumbukumbu ya kikao, na tangu dakika hiyo meneja mkuu hawezi tena kuwa mwamuzi. Ripoti iende kwa mkurugenzi au mmiliki, hata kama ratiba ya awali ilisema vingine. Uchunguzi unaoishia kwa msimamizi wakati agizo lilitoka juu utakataliwa na wafanyakazi wenyewe.

Usiburute. Migogoro isiyohusu kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60 tangu ilipotokea, na ya kuachishwa ndani ya siku 30. Ukikaa na jalada miezi miwili, unamlazimisha mhudumu achague kati ya kukusubiri na kupoteza haki yake. Wiki mbili zinatosha kwa kesi ya madaftari. Tena, mfanyakazi akijiuzulu kwa kudai kazi imefanywa isivumilike, Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 huangalia kama alitumia kwanza utaratibu wa malalamiko uliopo. Utaratibu uliolala hauwezi kuwa kinga ya mwajiri.

Wakati wote huo usimhamishe mlalamikaji "kwa usalama wake". Kumtoa kwenye vyumba ukampeleka dobi katikati ya msimu ni kumtangaza, na bahshishi anapoteza. Kama lazima mtu asogezwe, ratiba ya zamu ya idara ipangwe na mtu mwingine kwa muda, na msimamizi aendelee na kazi nyingine.

Baada ya uamuzi, mpe mhudumu barua fupi: lalamiko limethibitika au la, saa zake zitalipwa lini, na utaratibu gani umebadilika. Adhabu ya msimamizi haiandikwi humo, nayo ni siri ya mtu. Kisha weka tarehe tatu kwenye kalenda, mwisho wa kila mwezi unaofuata, uchukue ratiba ya zamu na kuhesabu: amepangiwa zamu ngapi, wenzake ngapi, na mkataba wake wa msimu ujao umeshasainiwa na nani. Kisasi hakiji kwa maneno. Kinaonekana pale aliyekuwa na zamu 24 anapobaki na 11, na ukimuuliza msimamizi anasema wageni wamepungua, huku mwenzake wa ghorofa ile ile ana 23.