Rasimu na rekodi: kura zikikataa kujumlika

Rasimu ya muhtasari wa mkutano wa chama chetu cha wavuvi iko tayari. Lazima nisikilize tena saa tatu zote za rekodi? (Katibu, Kirumba)

Si lazima. Ichapishe rasimu, zungushia kalamu kila kiasi cha fedha, kila tarehe na kila hesabu ya kura, kisha tafuta sehemu hizo tu kwenye rekodi. Pembeni mwa kila duara andika dakika uliposikia. Duara lisilo na dakika halijahakikiwa, hata ukiapa kwamba unakumbuka.

Ndiyo 31, hapana 11, wasiopiga 4. Waliosaini mahudhurio ni 47. Mmoja yuko wapi? (Igoma)

Unatafuta mtu asiyepotea. Daftari la mahudhurio linaonyesha nani alifika, si nani alikuwa ukumbini wakati wa kura. Sikiliza kuanzia kikao kinapofunguliwa, uhesabu wanaoaga na wanaochelewa. Tuseme watatu waliaga kabla ya kura na hakuna aliyeingia: wamebaki 44, wakati kura zako zinafika 46. Kumbe shida si mmoja aliyepungua, ni wawili waliozidi.

Sasa nenda kwenye tangazo la matokeo, weka kasi ya 0.75, na usikomee kwenye tangazo la kwanza. Mara nyingi mtu hupinga, mikono huhesabiwa upya, na katibu hubaki na tarakimu ya mwanzo. Ukisikia "ishirini na tisa" baada ya ubishi, basi 29, 11 na 4 zinatimiza 44. Usiposikia, usijitungie 29 ili hesabu ikae sawa! Mikono haina sauti. Rekodi inakupa kilichotangazwa tu. Andika kilichotangazwa, na uweke wazi kwamba jumla haikubaliani na idadi ya waliokuwepo.

Mhazini kasema kila mmoja achange "elfu ishirini na tano". Ni 25,000, si ndiyo?

Huenda, ila maneno hayo yanabeba pia 20,005. Tafuta anapotaja jumla. Wachangiaji wakiwa 12 naye akasema "laki tatu", umepata 25,000 yako.

Mwenyekiti kasema tulianza saa nne, simu inaonyesha 10:00. Nifuate ipi?

Jamani, tena? Ni saa ile ile. La kuangalia ni kwamba faili linaonyesha ulipoanza au ulipomaliza kurekodi, si kikao kilipofunguliwa. Na faili ulilotumiwa kwa WhatsApp mara nyingi hubeba tarehe ya kupokelewa.

Alitaja "Jumamosi tarehe 14", kumbe Jumamosi ni tarehe 15. Nirekebishe?

Si kimyakimya. Andika alivyosema, na mwulize kabla hujasambaza rasimu, maana nusu ya wajumbe watafuata siku na nusu tarehe. Jibu lake liweke kama maelezo chini ya kipengele hicho.

Simu imejaa. Nifute rekodi? (Nyakato)

Kikao kijacho kikishathibitisha muhtasari. Kabla ya hapo futa picha za harusi.