Kujaza fomu ya kazi pale familia yako haina vyeti

Fomu niliyopewa wiki ya kwanza kazini ilikuwa na kurasa nne, na ukurasa wa tatu niliumaliza kwa dakika kumi. Hali ya ndoa: nimeolewa. Jina la mume: la mwenzangu, ambaye tulikuwa tumeishi pamoja mwaka wa saba. Watoto: watatu. Ndugu wa karibu: yeye. Mnufaika wa mafao nikifariki: yeye, asilimia 100. Nikasaini, nikarudisha.

Sikuona uongo hata kwenye mstari mmoja. Ndivyo tulivyokuwa tukiishi. Lakini cheti cha ndoa hatukuwa nacho, na tusingeweza kukipata wakati ule, maana mwenzangu alikuwa na ndoa ya kwanza iliyovunjika bila talaka. Katika wale watoto watatu, mmoja ni wetu sote wawili, mmoja alikuja naye, na wa tatu ni wa marehemu dada yangu. Huyo wa tatu ananiita mama tangu ana miaka miwili.

Baada ya miezi mitatu bima ya afya ikataka viambatisho. Afisa rasilimali watu akaniita, fomu yangu iko mezani, sehemu tatu zimezungushiwa kalamu nyekundu. Akaanza na mtoto.

"Dada, cheti cha kuzaliwa cha huyu wa tatu kina jina la mama mwingine."

Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Basi hapa kwenye uhusiano tuandike mtoto wa dada, halafu tuseme unamlea. Ukiandika mtoto peke yake, bima wataniuliza kwa nini majina hayafanani, na mimi sina jibu la kuwapa."

Tulikaa naye karibu saa nzima tukiujaza upya ukurasa ule. Niliyojifunza pale nimeyatumia kwenye fomu zote zilizofuata: za hospitali, za shule na za benki. Naandika kwa sababu najua wengi tunaishi kwenye nyumba za namna hii, na fomu hizi tunazijaza kwa haraka, kwa mazoea ya mdomo.

Lugha yetu ina mchango wake katika tatizo hili. Mama mdogo aliyekulea ni mama. Mtoto wa baba mkubwa ni kaka. Mtoto wa kaka ni mwanangu, na hakuna anayekushangaa ukimwita hivyo. Fomu haiulizi mnaitanaje. Safu ya "uhusiano" inauliza kitu ambacho karatasi inaweza kukionyesha. Kwa hiyo andika njia nzima: mtoto wa dada, mama mdogo (mlezi wangu), binamu upande wa baba, mtoto wa mwenzi. Maneno hayo mawili matatu hayampunguzii mtu nafasi yake moyoni mwako, na yanamwondolea maswali siku ambayo wewe hutakuwepo kuyajibu.

Hali ya ndoa ndiyo iliyonichoma zaidi, kwa sababu niliona kama naambiwa miaka saba yetu si kitu. Afisa alinionyesha kwamba kisanduku kile kinauliza hali yako kisheria siku unayosaini. Mtu aliyetengana na mwenzake bila talaka bado yumo kwenye ndoa, hata kama hawajaonana miaka kumi. Mwenzangu, kwenye fomu zake, alitakiwa kuandika kwamba ameoa, au "ametengana" kama kisanduku hicho kipo. Mimi nilitakiwa kuandika "sijaolewa", kisha kwenye nafasi ya maelezo: "Naishi na mwenzi tangu" mwaka fulani, na jina lake.

Hapo kuna tahadhari moja. Usikimbilie kuandika "sijaolewa" kwa sababu tu huna karatasi mkononi. Ndoa ya kidini au ya kimila ambayo haijasajiliwa inatambuliwa kisheria katika nchi kadhaa, na katika nyingine haitambuliwi mpaka isajiliwe. Vivyo hivyo, kuishi pamoja muda mrefu kunampa mwenzi haki fulani kwingine, na kwingine hakumpi chochote. Muulize wakili, au ofisi ya msaada wa kisheria, swali hili hili: "Kwa sheria ya hapa, mimi nimeolewa au sijaolewa?" Jibu utakalopata liandike vilevile kila mahali. Kinachowaponza watu mara nyingi ni kuandika "nimeolewa" kwenye bima ili mwenzi atibiwe, na "sijaolewa" kwenye mkopo ili mwenzi asihusishwe. Fomu hizo zikikutana kwenye faili moja wakati wa madai, bima ina sababu ya kuyakataa. Na aliyeoa wake wawili, huku fomu ikiwa na mstari mmoja wa mke, aambatishe karatasi yenye majina yote mawili na tarehe za ndoa. Akichagua mmoja kwa sababu ya nafasi, yule mwingine ndiye atakayehangaika kuthibitisha kwamba alikuwepo.

Wategemezi ni swali jingine kabisa, na kila anayeuliza ana tafsiri yake. Bima ya afya kwa kawaida inataka mwenzi wa ndoa na watoto walio chini ya umri fulani, na umri huo umeandikwa kwenye masharti ya bima yenyewe. Ofisi ya kodi inaweza kuangalia nani anakula kutoka mfukoni mwako, na mara nyingi hairuhusu watu wawili wamdai mtoto mmoja. Kwa hiyo mtoto anaweza kuwa mtegemezi wako kwenye fomu moja na asiwe kwenye nyingine, bila wewe kudanganya popote. Kabla ya kujaza, omba usomewe maana ya neno "mtegemezi" katika fomu hiyo.

Kwa mtoto wa marehemu dada, bima yetu ilitaka kitu kinachoonyesha kwamba mimi ndiye mlezi. Nilikuwa na barua ya shule yenye jina langu kama mzazi. Wakaikataa. Hati ya kiapo waliipokea kwa muda tu, huku wakisubiri amri ya mahakama ya ulezi. Nilikuwa nimeiogopa mahakama kwa miaka, nikidhani nitaonekana nanyang'anya mtoto. Katika kesi yetu kilichohitajika ni cheti cha kifo cha dada, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, na ndugu wa familia kukubali mbele ya mahakama kwamba mtoto anaishi kwangu. Ulezi si sawa na kuasili: mtoto anabaki na jina lake na wazazi wake kwenye cheti, wewe unapewa mamlaka ya kumtunza na kumwamulia. Karatasi hiyo moja ndiyo iliyomwingiza kwenye bima, na baadaye ndiyo iliyoniwezesha kumsainia matibabu.

Mtoto aliyekuja na mwenzangu hakuingia. Bima ile iliwakubali watoto wa kambo kwa cheti cha ndoa tu. Nilisononeka sana, lakini ni afadhali nilijua siku ile nikiwa mzima, nikamwambia baba yake amsajili kwenye bima ya kazini kwake. Akafanya hivyo mwezi uleule.

Ndugu wa karibu, au mtu wa kuarifiwa wakati wa dharura, ndipo fomu inapokuachia uhuru zaidi. Kwa kawaida hapo hutakiwi kuwa na damu moja naye wala cheti. Mwandike mtu anayepokea simu usiku, anayejua dawa unazotumia, na anayeweza kufika. Mimi nilimwacha mwenzangu, uhusiano "mwenzi", kisha nikaongeza rafiki yangu wa kazini kuwa namba ya pili. Lakini jua mipaka ya mstari huo. Kupigiwa simu hakumpi mtu mamlaka ya kukuamulia tiba ukiwa huna fahamu, wala kurithi chochote. Hospitali ikihitaji uamuzi, inafuata mpangilio wa sheria, na mwenzi asiye na ndoa anaweza kuwekwa nyuma ya mzazi au ndugu ambaye hujazungumza naye miaka mingi. Kama unataka awe yeye, kuna hati ya kumteua mtu wa kukuamulia matibabu pale sheria inaporuhusu, na inaandikwa ukiwa na akili zako timamu.

Mstari wa mnufaika ndio wa fedha, na ndio niliokuwa nimeukosea vibaya kuliko yote. Niliandika "mume, asilimia 100". Kama ningefariki, neno "mume" lingefungua mjadala ambao jina peke yake lisingeufungua. Pia sikuwaachia watoto hata senti. Tuliuandika hivi: mwenzangu, kwa majina yake kamili kama yalivyo kwenye kitambulisho, uhusiano "mwenzi", asilimia 40, mtoto wetu asilimia 30, mtoto wa dada asilimia 30. Jumla lazima ifike 100. Ukiandika 33 mara tatu, fomu inaweza kurudishwa, au ile asilimia moja ikabaki bila mwenyewe. Na kwa kuwa watoto walikuwa chini ya miaka 18, nilitaja mtu mzima wa kuwapokelea. Nikamchagua mama mdogo wangu, baada ya kumuuliza kwanza. Kuna pia mstari wa mnufaika wa akiba, anayepokea kama wa kwanza ametangulia. Usiuache wazi.

Mifuko mingine ya mafao inafuata ulichoandika neno kwa neno. Mingine inachukulia maandishi yako kama pendekezo, kisha wadhamini wanaangalia nani hasa alikutegemea, au sheria inamtengea mke au mume wa ndoa fungu lake kwanza. Uliza mfuko wako uko upande gani, kwa sababu asilimia unazoandika zina uzito tofauti.

Jioni ile nilimwomba mwenzangu aende akaitazame fomu yake kazini. Alikuwa ameijaza siku anaajiriwa, kabla hatujajuana. Mnufaika: mke wake wa kwanza, asilimia 100. Hakuwa amekusudia, alikuwa amesahau tu kwamba karatasi ile ipo. Kutengana hakuifuti, na kwa mifuko mingi hata talaka haiifuti mpaka mwenyewe ajaze mpya. Aliibadilisha, akaacha fungu kwa mtoto aliyezaa na mama yule, akampigia simu kumwambia. Mama yule alishukuru kwa kuambiwa, kisha akataja kwamba na yeye kwenye fomu yake bado kaandika jina la mwenzangu.

Nakala ya ukurasa wa tatu ninayo, ina muhuri wa kupokelewa na tarehe. Iko kwenye bahasha moja na amri ya ulezi, na mama mdogo anajua bahasha ilipo. Mwaka uliopita mtoto wa dada alitimiza miaka 18, nikaenda kuomba fomu mpya ili jina la wa kumpokelea liondolewe na fungu lake liandikwe kwake moja kwa moja. Kwenye safu ya uhusiano nikaandika: mtoto wa dada, nimemlea.