Kutofautisha s na sh kwenye spektra

"Nimerekodi 'saba' na 'shaba', lakini kwenye Praat, programu ya kuchanganua sauti, s inaonekana hafifu mno, karibu haipo. Nakosea wapi?"

Ndugu, s ipo, ila imejificha nje ya skrini, kwa juu. Praat isipobadilishwa huonyesha masafa hadi 5000 Hz tu, na nguvu nyingi ya s kwa kawaida iko juu ya 4000 Hz; kwa wanawake na watoto hupanda zaidi. Panua mwonekano hadi 10000 Hz uone weusi unaoonyesha nguvu yake ukijitokeza. Sh huanza chini zaidi, kwenye 2500 Hz hivi, ndiyo maana uliiona bila shida.

Chanzo cha tofauti hii ni ile nafasi iliyo mbele ya mbano wa ulimi. Kwenye s ni finyu sana, kwa hiyo mlio ni wa juu. Kwenye sh ulimi hurudi nyuma, nafasi inakua na kilele cha nguvu kinashuka. Midomo ikiviringwa kinashuka tena, kwa hiyo usilinganishe s ya "suka" na sh ya "shaba".

Angalia pia faili yenyewe: ikiwa imerekodiwa kwa sampuli 8000 kwa sekunde, hakuna kitu juu ya 4000 Hz. Hapo rekodi upya kwa 44100.