Kabla ya kuiamini mita ya SWR, angalia imefungwa upande gani wa kebo

Nilipokuwa mwaka wa mwisho chuoni nilikuwa nikifuatana na fundi wa redio za baharini hapa Mombasa. Siku moja tuliitwa na mwenye mashua mmoja, ofisi yake iko Mji wa Kale karibu na bandari ya zamani. Redio yake ya VHF ya pale ofisini ilikuwa haisikiki tena na mashua zake zikitoka nje kidogo tu. Nikafunga nyuma ya redio mita ya SWR, ile inayoonyesha ni kiasi gani cha wimbi kinarudi kutoka kwenye antena, nikabonyeza, nikasoma 1.7. Nikamwambia fundi antena haina neno. Akanijibu, "Panda juu ukaitazame."

Juu ya mlingoti nikafungua utepe uliofunika konekta. Ndani mlikuwa na unga wa kijani, kazi ya chumvi ya bahari, na waya wa kati ulikuwa umekatika. Yaani redio haikuwa na antena kabisa, na mita ilikuwa imesoma 1.7.

Mdogo wangu unayesoma somo hili, ukielewa namba hiyo ilitoka wapi umeelewa sehemu kubwa ya mada.

Wimbi linalosafiri ndani ya kebo ya omu 50 lina sharti moja: volti zake ukizigawanya kwa ampea zake unapata 50. Likifika mwisho linakuta mzigo, yaani antena, wenye sharti lake. Mzigo ukiwa wa omu 75, masharti mawili hayapatani, na hapo hapo mwishoni huzaliwa wimbi la pili linalorudi lilikotoka, ili jumla ya mawimbi yote mawili itimize matakwa ya mzigo. Volti zinazorudi ukizigawanya kwa zinazokwenda unapata uwiano wa uakisi, ambao sisi huuita gama, ZL ikiwa omu za mzigo na Z0 omu za kebo:

```
Γ = (ZL − Z0) / (ZL + Z0)
SWR = (1 + |Γ|) / (1 − |Γ|)
```

Kwa omu 75 kwenye kebo ya 50, gama ni 25 kwa 125, yaani 0.2. Waya ukikatika, gama ni 1: kila kilichokwenda kinarudi.

Mstari wa pili wa fomula nao si wa kukariri. Mahali wimbi la kwenda na la kurudi yanapopatana, volti hujumlika kuwa 1 + |Γ|. Yanapopingana hubaki 1 − |Γ|. Vilele na mabonde hayo hayasogei. Kwa redio ya 156.8 MHz ndani ya kebo ya RG-58, kutoka kilele hadi bonde ni kama sentimita 32. SWR ni kilele kugawanywa kwa bonde. Gama ya 0.2 inatoa 1.5. Gama ya 1 inatoa bonde la sifuri, na SWR isiyo na kikomo.

Basi kwa nini sikuona namba isiyo na kikomo? Kwa sababu ya kebo. Ilikuwa RG-58 ya mita 30, na kwa masafa hayo hupoteza kama desibeli 6, yaani volti hupungua nusu. Wimbi lilipanda likafika juu nusu, likaakisiwa lote, likashuka likapungua nusu tena. Mita ya chini iliona robo. Weka 0.25 kwenye fomula: 1.25 gawanya kwa 0.75 ni 1.67.

Tangu siku hiyo, kabla ya kuhukumu antena huwa naipima kebo kwanza. Naiachia wazi kule juu, naiweka redio kwenye wati 1 ili nisiiumize, nachagua chaneli isiyo na mtu (kamwe si 16, hiyo ni ya dharura), na nasoma SWR. Naigeuza kuwa gama:

```
|Γ| = (SWR − 1) / (SWR + 1)
```

Hiyo ndiyo sehemu ya wimbi inayosalia baada ya safari ya kwenda na kurudi. Kisha nafunga antena, nasoma tena, na gama mpya naigawanya kwa ile ya kwanza. Baada ya kubadilisha konekta pale ofisini tulisoma 1.1, gama 0.048. Gawanya kwa 0.25, unapata 0.19, kwa hiyo SWR halisi kule juu ilikuwa karibu 1.5. Kwa antena ya redio ya baharini SWR hiyo inatosha, maana nguvu inayoakisiwa haifiki asilimia 4.

Kilichonikera zaidi ni kebo yenyewe: kati ya wati 25 za redio, kama 6 tu ndizo zilizofika juu. Nilimshauri mwenye mashua aweke RG-213, ambayo kwa urefu ule hufikisha zaidi kidogo ya nusu. Alipoiweka, mita ilipanda kutoka 1.1 hadi 1.2 na akanipigia simu akiwa na wasiwasi. Nikamweleza kwamba antena ni ile ile. Kebo mpya ndiyo imeacha kuificha.