Kabla hujafuta jibu, sema unalifutia nini

Juzi nilikaa nyuma ya darasa la tuisheni pale Majengo, Moshi, nikimsikiliza kijana mmoja aliyeanza kufundisha mwaka huu. Swali la kuchagua lilikuwa ubaoni, naye alikuwa akipita na chaki: "A si kweli, futa. B si kweli, futa." Wanafunzi wakawa wanafuta kwa kalamu ya wino. Nilitamani kusimama, kwa sababu kosa lile nalijua. Nimelifanya, na lilimgharimu mtoto wa watu.

Ninyi mnaoanza, haya ndiyo ninayoomba myasikie.

1. Kufuta kuko kwa namna mbili. Kuna jibu la uongo, na kuna jibu la kweli lisilojibu swali hili. Ukiyachanganya, mwanafunzi anatoka darasani akiamini mambo ya kweli ni uongo.

Nilikuwa mwaka wangu wa pili wa kufundisha. Nilikuwa na binti wa kidato cha pili, msikivu, ambaye daftari lake ungeweza kumfundishia mtu mwingine. Tulikuwa na swali la maharage yanayochemka mlimani bila kuiva, na moja ya majibu lilisema jotoridi la hewa hupungua kadri unavyopanda. Akanyosha mkono: "Lakini Madamu, kule juu si kweli kuna baridi?" Nilikuwa na haraka, kipindi kinaisha, wengine wameshaanza kufunga mabegi. Nikamwambia, "Hiyo si sahihi, futa tuendelee." Akafuta. Nilimwona akisita kidogo, kisha akapitisha mstari kwa rula, kama alivyofanya kila kitu.

Wiki chache baadaye wakafanya mtihani wa majaribio. Swali mojawapo liliuliza kwa nini kilele cha Kilimanjaro kina barafu ilhali mlima uko karibu nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta. Jibu lilikuwepo pale wazi: jotoridi la hewa hupungua kadri unavyopanda. Binti yule akaliruka. Nilipomuuliza sababu, hakulalamika wala hakulia. Alifungua daftari, akanionyesha mstari wa rula. "Ulisema si sahihi, Madamu." Alikuwa ameniamini kuliko macho yake, yeye anayeuona mlima ule kila asubuhi kukiwa hakuna mawingu. Nilimwomba radhi mbele ya wenzake, lakini maksi haikurudi, na bado naukumbuka ule mstari.

Tangu hapo natumia alama mbili. Jibu la uongo linawekewa U. Jibu la kweli lisilo sababu ya tukio linawekewa K. Na hakuna alama inayowekwa kabla mwanafunzi hajasema kwa nini.

2. Penseli, si wino.

3. Swali lisomwe mara ya kwanza majibu yakiwa yamefunikwa kwa karatasi, na mwanafunzi apige mstari chini ya neno linalobeba swali. Mwezi uliopita nilirudia swali lilelile na kijana mwingine wa kidato cha pili. Karatasi yake iko kwa Kiingereza, sisi huwa tunalivunja kwa Kiswahili kwanza. Linasema hivi: mpishi wa msafara yuko Kibo, kambi ya mita 4,720. Maharage yako kwenye sufuria ya wazi, maji yanachemka kwa nguvu saa nyingi, lakini maharage hayaivi, ilhali Moshi mjini huiva. Sababu kuu ni ipi?

A. Jotoridi la hewa hupungua kadri unavyopanda.
B. Oksijeni ni kidogo, hivyo moto ni dhaifu.
C. Mvutano wa dunia ni mdogo zaidi mlimani.
D. Mgandamizo wa hewa ni mdogo, hivyo maji huchemka kwa jotoridi la chini.
E. Maji huvukiza upesi zaidi, hivyo hupungua sufuriani.

"Umepiga mstari wapi?"

"Kwenye 'sababu kuu', Madamu."

"Vizuri. Na maji yako katika hali gani?"

"Yanachemka." Akapiga mstari wa pili chini ya "yanachemka kwa nguvu".

"Tuanze na B. Ni kweli au uongo?"

"Kweli. Hewa kule ni nyembamba, jiko linasumbua."

"Sasa moto huo dhaifu umeshindwa kuchemsha maji?"

Akanyamaza. "Hapana. Swali linasema yanachemka."

"Tukiongeza moto mara mbili, maji yanayochemka yatapanda jotoridi?"

"Hayapandi. Mvuke ndio unaongezeka." Akaandika K mwenyewe.

"A je?"

"Baridi ya nje inapoza sufuria... lakini hapana, ni kama B. Maji yameshafika kuchemka. Baridi ingechelewesha tu kuchemka." K.

Hapo ndipo nilipofurahi, kwa kuwa alitumia kipimo kimoja mara mbili bila kuambiwa. C alitaka kuiita uongo. Nikamwambia ni kweli, mvutano hupungua ukienda mbali na kitovu cha dunia, ila kwa mita 4,720 upungufu haufiki hata mbili kwa elfu. "Maharage yatausikia huo?" Akacheka, K.

Zikabaki D na E, na hapa ndipo wengi hubahatisha, kwa kuwa yote mawili yanahusu maji yenyewe.

"E ni kweli," akasema, "maji yanakauka upesi. Kwa hiyo labda maharage hayana maji ya kutosha?"

"Mpishi akiongeza maji kila yakipungua?"

"Yatachemka tena."

"Kwa jotoridi gani?"

Alifikiri muda mrefu. Msimsaidie mtu hapo, vijana, kaeni kimya hata kama kimya kinawauma.

"Lilelile la mwanzo, Madamu. Kwa hiyo kuongeza maji hakusaidii." K.

Nikamtaka aithibitishe D pia, kwa sababu jibu lililobaki peke yake si lazima liwe sahihi. Huenda tumekosea kufuta. Nikamweleza kwamba maji huchemka pale mvuke unaozaliwa ndani yake unapoweza kusukumana na hewa ya nje na kutoshana nayo nguvu. Kibo hewa inasukuma kwa zaidi kidogo ya nusu ya nguvu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mvuke unaishinda mapema: maji yanachemka kwa nyuzi 84 au 85 hivi za Selsiasi. Moshi mjini ni kama 97. Maharage yanaiva kwa jotoridi, si kwa mapovu.

"Sasa nitajie kitu kimoja mpishi angebadilisha ili maharage yaive, huku baridi, oksijeni na mvutano vikibaki vilevile."

"Presha kuka!" Karibu aruke. "Inafungia mvuke, mgandamizo unapanda, maji yanachelewa kuchemka mpaka yawe ya moto zaidi."

Hapo ndipo akaizungushia D duara.

4. Swali likiuliza "isipokuwa", alama zinageuka, na mwanafunzi aandike neno hilo kwa herufi kubwa juu ya majibu kabla hajaanza.

5. Njia hii haimsaidii asiyejua somo. Kijana huyu aliweza kwa sababu alishajua kwamba maji yanayochemka hayapandi jotoridi. Asingelijua hilo, B angeliacha bila alama na A vilevile, nasi tungerudi kwenye sufuria, jiko na kipimajoto kabla ya kugusa majibu.

Alipokuwa anafunga daftari nilimuuliza lile swali la barafu ya kilele cha Kilimanjaro, bila kumpa majibu ya kuchagua. Akarudi kwenye ukurasa, akaweka kidole kwenye A yenye K, akaanza kuhesabu: kutoka Moshi, mita 900 hivi, hadi kileleni, mita 5,895, ni karibu mita 5,000, na kila mita 1,000 hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 na nusu. "Nyuzi 32, Madamu," akasema. "Moshi ikiwa 25, kule ni chini ya sifuri."